Sauti Inayochelewa Kurudi Masikioni

Mwimbaji amevaa hedifoni, biti inapiga, naye anaanza ubeti. Kila neno analolitoa linamrudia limechelewa kidogo, kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayemwigiza. Bila kujua, anapunguza mwendo ili amngoje mtu huyo, na akifika kwenye kiitikio ameshaachwa na ngoma. Prodyuza anamwambia arudie. Anarudia, mambo ni yale yale. Lawama humwangukia mwimbaji, ilhali kosa limo kwenye mpangilio mmoja wa laptopu: bafa.

Saundi kadi hupima sauti ya maiki mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Laptopu haiwezi kuacha kazi zake nyingine ili ipokee sampuli mojamoja kwa kasi hiyo. Basi sampuli hungojana kama abiria wa daladala: gari likijaa, ndipo linaondoka. Bafa ni idadi ya viti vya gari hilo.

Tuseme kwenye programu, palipoandikwa Buffer Size, pamewekwa 512. Ukigawanya 512 kwa 48,000 unapata milisekunde 10.7. Sauti hupanda gari mara mbili, kuingia na kutoka, kwa hiyo ni 21.3. Ongeza milisekunde chache za kugeuza umeme kuwa namba na kuurudisha, pamoja na safari ya waya wa USB, jumla inakaribia 25. Kwa kuwa sauti hewani huenda kama sentimita 34 kwa milisekunde, mwimbaji anajisikia kana kwamba spika yake iko mita nane na nusu kutoka alipo.

Mpiga kinanda anaweza kuvumilia kuchelewa kidogo. Mwimbaji ana shida ya ziada, kwani sauti yake humfikia pia kupitia mifupa ya fuvu, papo hapo. Sauti hiyo ikikutana na ile ya hedifoni iliyochelewa hata milisekunde tano tu, baadhi ya mawimbi hufutana. Hasikii mwangwi, ila sauti yake inakuwa tupu na nyembamba, kama anaimba ndani ya mtungi. Wengi hapo huhangaika kubadilisha maiki bure.

Jambo la kwanza ambalo watu hujaribu ni kupunguza bafa. Kwa 128, safari mbili huchukua milisekunde 5.3 kabla ya zile nyongeza. Lakini gari dogo lazima liondoke mara nyingi zaidi, na laptopu isipowahi kumaliza kazi ya fungu moja kabla ya jingine kufika, zinasikika alama zake: ta, ta, mikwaruzo midogo ambayo huweza kuingia kwenye rekodi yenyewe. Kwenye Windows, hakikisha kwanza umechagua draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa saundi kadi. Halafu usirekodi ndani ya mradi wenye nyimbo ndogo 30 na efekti zake. Toa biti kama faili moja, ifungue kwenye mradi mpya, mrekodi mwimbaji humo. Hilo pia huondoa efekti zinazochelewesha zenyewe, kama limita inayochungulia sauti kabla haijafika, ambazo kupunguza bafa hakuziponyi.

Njia iliyo bora kwa sauti ya mtu ni kutoipitisha laptopuni kabisa inapokwenda masikioni. Saundi kadi nyingi, Focusrite Scarlett 2i2 ikiwamo, zina swichi ya Direct Monitor. Ukiiwasha, sauti ya maiki hugawanywa ndani ya kisanduku: tawi moja huenda kurekodiwa, jingine huenda moja kwa moja kwenye hedifoni. Kisha zima usikilizaji wa maiki ndani ya programu, bila kuzima kurekodi. Ukisahau, mwimbaji atasikia sauti mbili, na hiyo ndiyo dalili.

Baada ya hapo bafa inaweza kubaki 512 au hata 1024. Ubora wa rekodi haubadiliki, na programu huirudisha sauti mahali pake kwa kutoa muda ambao draiva imeutaja. Ukiwa na shaka, unganisha waya kutoka tundu la kutokea hadi la kuingilia, piga mlio mfupi, urekodi, kisha vuta picha karibu ulinganishe. Tofauti utakayoiona, iandike kwenye sehemu ya marekebisho ya programu.

Wapo waimbaji wasioweza kuimba bila mwangwi. Wawekee mwangwi pekee kutoka kwenye programu, sauti kavu ikiendelea kupita kwenye saundi kadi. Mwangwi kwa asili huja nyuma ya sauti, kwa hiyo milisekunde 25 zake hazitamsumbua mwimbaji.