Barua ya Kukataliwa Kazi: Tazama Uliishia Hatua Gani

Kijana mmoja wa Mbau alinionyesha kwenye simu barua pepe mbili za mashirika ya misaada yanayofanya kazi Mosimboa da Praia. Zote zilianza kwa shukrani, zikataja ushindani mkubwa na kumtakia kheri. Yeye aliona zinasema jambo moja. Nimekaa kwenye kamati za usaili miaka mingi, na najua maneno hayo ya adabu huwa yameshaandikwa kabla hata hujaomba. Cha kutazama ni hatua uliyofikia.

Ya kwanza iliingia siku mbili baada ya maombi kufungwa. Hiyo ni ya mchujo wa makaratasi. Mtu mmoja hupitia maombi akiwa na masharti ya lazima mbele yake: kitambulisho, namba ya kodi (NUIT), cheti, uzoefu, lugha. Likikosekana moja, maombi hayafiki kwenye kamati. Kuuliza sababu hapo ni kujichosha, maana hakuna aliyekaa akakujadili. Jibu limo kwenye tangazo. Tulilisoma upya, tukaona limetaka Kireno. Kwenye wasifu aliorodhesha Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, Kireno akakiacha, kwa vile wasifu wenyewe aliuandika kwa Kireno.

Ya pili ilikuja wiki tatu baada ya usaili. Ilitaja nafasi ya msaidizi wa ghala, ikasema jina lake litabaki kwenye orodha ya akiba kwa miezi sita. Usiichanganye na ile ya “tutahifadhi wasifu wako”, ambayo mara nyingi ni mazoea tu. Orodha yenye muda maalumu kwa kawaida ina maana kwamba ulivuka alama za kufaulu, ila kuna aliyekuzidi. Akikataa mkataba au nafasi nyingine kama hiyo ikipata fedha, unaweza kuitwa.

Hapa kuuliza kuna faida, kwa sababu wasaili hutoa alama kwa kila swali na karatasi zao huhifadhiwa. Lakini ukiuliza “kwa nini mlinikataa?”, afisa ajira ataogopa malalamiko na kukurudishia maneno yaleyale ya adabu. Uliza kitu anachoweza kukisoma kwenye karatasi hizo, mara moja tu, ndani ya wiki. Kijana aliandika: “Nashukuru kwa taarifa. Naomba kujua, katika usaili wa msaidizi wa ghala, ni eneo gani nilipata alama za chini zaidi?”

Wengi hawajibiwi. Yeye alijibiwa siku ya nne, kwa mistari miwili: alieleza vizuri jinsi ya kupokea mzigo, lakini hakusema angefanya nini pale kadi ya stoo inapoonyesha magunia 40 na ghalani yamo 37. Kazi hiyo ya kuhesabu na kulinganisha aliifanya miaka miwili dukani kwa mjomba wake. Kwenye usaili hakuitaja hata mara moja.