Presha ya Paka Mzee Huonekana Machoni

Paka anayezeeka hulala zaidi, huruka kidogo, na wenyewe hatuoni ajabu. Ndiyo maana presha humtafuna kimya kimya mpaka siku anapojigonga kwenye mguu wa kiti ambacho amekipita kila siku. Mboni zake zimepanuka, nyeusi tii, na hata ukimsogeza kwenye mwanga wa dirishani hazisinyai. Wengi husema ni mtoto wa jicho, au ni uzee tu. Mara nyingi si hivyo. Ni retina iliyobanduka, na kinachoibandua ni shinikizo la damu.

Kwa binadamu, presha mara nyingi huja yenyewe bila chanzo cha wazi. Kwa paka mara nyingi ina mzazi wake: figo zilizochoka, ambazo ndizo zinazoongoza, au tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, na kwa nadra tezi ya adrenali. Wapo wasioonekana na chanzo chochote, lakini ni wachache. Kwa hiyo paka akishagunduliwa kuwa na presha, daktari wa mifugo ataomba damu na mkojo pia, maana dawa ya presha pekee haiponyi figo wala thairoidi.

Kwa nini macho? Retina inategemea mishipa midogo sana, na nyuma yake liko tabaka jingine lililojaa mishipa. Shinikizo likipanda na kukaa juu, kuta za mishipa hiyo huumia na kuvujisha maji. Maji yakijikusanya nyuma ya retina, yanaisukuma mbele, ikabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Wakati mwingine mshipa hupasuka, damu ikaonekana mbele ya jicho, na mboni ikawa na rangi nyekundu. Seli zinazopokea mwanga hulishwa kutoka nyuma, kwa hiyo zikitenganishwa na chakula chao zinaanza kufa. Hapo saa na siku zina thamani.

Tuchukue mfano wa paka jike wa miaka 14, kilo 3.6, wa nyumba moja Mombasa. Mwenyewe amemleta kwa sababu anatembea akigusa ukuta kwa masharubu. Daktari akimulika ndani ya jicho, anaona karibu kabisa na lenzi kitambaa cha kijivu chenye mishipa kinachopeperuka. Hicho ni retina. Sasa inabaki kupima presha, na hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Paka akiogopa, presha hupanda kwa hofu tu. Kupanda huko si kwa kiasi kimoja kwa paka wote, hivyo huwezi kusema utoe namba fulani kisha ubaki na ukweli. Dawa yake ni utulivu. Mlango unafungwa, mbwa wa mapokezi wasisikike, kikapu kinafunguliwa na paka anaachwa dakika tano hadi kumi azoee chumba. Mwenyewe akae naye. Kazi nyingine zote, kama kutoa damu au kupima joto, zingoje mpaka presha imeshachukuliwa.

Kifaa kinachopendwa ni Dopla, ambacho hunasa mwendo wa damu na kuugeuza kuwa sauti. Paka hapendi mlio wake, kwa hiyo daktari huvaa hedifoni. Mkanda hufungwa juu kidogo ya kiganja cha mguu wa mbele, au kwenye shina la mkia. Upana wake uwe asilimia 30 hadi 40 ya mzingo wa sehemu inayofungwa. Mguu wa paka wetu una mzingo wa sentimita 8, basi mkanda wa sentimita 2.5 unamfaa. Mkanda mwembamba mno hutoa namba ya uongo iliyo juu, mpana mno hutoa iliyo chini. Mguu nao uwe usawa wa moyo: ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, kipimo huongezeka karibu milimita 8 za zebaki bila sababu ya maana.

Jeli inapakwa, sauti inapatikana, mkanda unajazwa hewa mpaka sauti ipotee na kupita kidogo hapo, halafu hewa inaachiwa polepole. Sauti inaporudi, namba hiyo ndiyo presha ya juu. Namba ya chini haitegemewi kwa kifaa hiki, na haina haja sana. Kipimo cha kwanza kinatupwa. Kwa paka wetu kilikuwa 232, kisha vikafuata 218, 214, 212, 210 na 212. Wastani wa hivyo vitano ni 213. Kama namba zingeendelea kushuka kila mara, daktari angesubiri mpaka zitulie ndipo ahesabu.

Chini ya 140 hakuna wasiwasi. Kati ya 160 na 179 ni presha, na 180 kwenda juu ni hatari kubwa kwa macho, ubongo, moyo na figo. Kama paka ana 165 na macho yake ni safi, busara ni kumpima tena siku nyingine kabla ya kumwekea dawa ya maisha. Huyu wetu ana retina iliyobanduka na 213. Hasubiriwi.

Dawa ni amlodipini, ileile inayouzwa famasi kwa ajili ya watu. Hulegeza misuli ya kuta za mishipa, mishipa ikapanuka. Paka wengi huanza na miligramu 0.625 mara moja kwa siku, na mwenye presha ya 200 au zaidi huanza na 1.25. Tatizo ni kwamba kidonge cha watu mara nyingi ni cha miligramu 5 au 10. Robo ya kidonge cha 5 ni 1.25, sawa, lakini kukigawa mara nane huzaa makombo yasiyo na kipimo. Afadhali kutafuta kidonge cha 2.5. Kidonge kizima cha mtu kinaweza kumwangusha paka presha mpaka azimie, kwa hiyo asikisiwe mtu nyumbani kugawa kwa makadirio yake.

Kwa kuwa macho yameshaumia, paka wetu anarudi baada ya siku chache, kisha wiki moja. Amlodipini hukaa mwilini mwa paka muda mrefu, hivyo haifikii nguvu yake kamili siku ya kwanza, na kuongeza dozi kesho yake ni haraka isiyo na faida. Wiki ya kwanza alisoma 168, ya pili 146. Lengo ni kushuka chini ya 160, na vizuri zaidi chini ya 140. Akishuka chini ya 110 na kulegea, dozi inapunguzwa.

Maji yalipofyonzwa, retina ya kushoto ilirudi mahali pake, na paka akaanza kufuata kwa jicho kijipamba kilichodondoshwa mbele yake. Ya kulia ilirudi pia, ila jicho halikuona tena, kwani lilikuwa limebanduka mapema zaidi. Anabaki na dawa kila siku. Presha yake itapimwa kila miezi michache, kwa mkanda uleule na kwenye mguu uleule, pamoja na figo, na macho yatamulikwa kila ziara.