Fataki Bapa Si Kipimo

Swali huja kwa sura mbili, na zote mbili zimekosewa. Wa kwanza ameokota ganda lake baada ya kupiga, amelitazama kitakoni, ameona fataki bado ina ukingo wa mviringo, anauliza kama anaweza kuongeza baruti kidogo. Wa pili ameona fataki imelala bapa kama sarafu, ameingiwa na hofu, anauliza kama bunduki yake ilikuwa karibu kupasuka. Wote wawili wanaamini kwamba ile fataki ni kipimo cha shinikizo la gesi: ikiwa ya mviringo uko salama, ikiwa bapa umevuka mpaka. Imani hiyo imefundishwa kwa miaka mingi pamoja na kanuni yake ya kazi, kwamba anayejaza maganda upya aongeze baruti hatua kwa hatua hadi fataki ianze kulala, kisha arudi nyuma nusu greni. Kanuni hiyo ni mbaya. Hailegezwi wala haifanyiwi marekebisho, inaachwa.

Tuanze na huyu wa pili, maana kosa lake ni dogo. Pini inapoigonga fataki, risasi nzima husukumwa mbele ndani ya chemba hadi pale inapozuiliwa. Nyuma yake hubaki upenyo kati ya kitako cha ganda na uso wa bolti. Fataki inapolipuka, hurushwa nyuma kutoka kwenye tundu lake hadi kugota kwenye bolti, huku kuta za ganda zikiwa zimetanuka na kung'ang'ania chemba. Shinikizo likizidi kupanda, kitako huvutika kurudi nyuma, nacho hugota kwenye bolti na kuikandamiza ile fataki irudi tunduni. Sasa, upenyo ukiwa mkubwa, fataki huwa imetoka nje bila kitu cha kuishika pembeni. Hutanuka hapo, kisha hurudishwa kwa nguvu, na ukingo wake hulala. Utakuta fataki bapa kabisa kwenye risasi ambayo shinikizo lake ni la kawaida. Risasi dhaifu kabisa hufanya kinyume: shinikizo halitoshi kuvuta kitako nyuma, kwa hiyo fataki hubaki imechomoza. Ongeza hapo kwamba vikombe vya fataki havilingani ugumu kutoka kiwanda hadi kiwanda, na kwamba tundu la pini likiwa pana metali ya fataki huingia humo na kuacha ukingo kama wa volkano hata pale baruti haina kosa. Kwa hiyo fataki bapa peke yake inaweza kuwa habari ya upenyo, ya fataki laini, au ya shinikizo. Haisemi ni ipi kati ya hizo.

Kosa la wa kwanza ndilo linaloumiza watu, na ili lionekane sawasawa tuchukue bunduki moja inayojulikana sana katika historia ya uwindaji wa Afrika Mashariki: ya mitutu miwili, ya .470 Nitro Express. Hutupa kichwa cha greni 500 kwa mwendo wa futi 2,150 hivi kwa sekunde, na CIP, taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya risasi, imeiwekea kikomo cha baa 2,700. Weka pembeni yake .30-06, risasi ya bunduki ya bolti, ambayo kikomo chake ni baa 4,050. Maganda ya siku hizi ya zote mbili yametengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, na zote mbili hutumia fataki ya ukubwa uleule. Fataki ya .30-06 iliyojazwa hadi kikomo chake halali, kwenye bunduki nzima, kwa kawaida hutoka na ukingo wenye mviringo, haina la kutisha. Sasa fanya hesabu. Mtu akijaza .470 yake hadi baa 4,050, amezidisha kikomo kwa nusu nzima, na fataki yake inaweza kutoka inafanana na ile ya .30-06 aliyoizoea. Ataitazama na kusema bado nina nafasi.

Nafasi ipi? Kwa utaratibu wa CIP, bunduki mpya hupimwa kiwandani kwa risasi maalumu zenye shinikizo linalozidi kikomo kwa asilimia 25. Kwa .470 hiyo ni kama baa 3,375. Risasi hizo hupigwa chache tu, kwa kawaida mara moja katika maisha ya bunduki, kisha bunduki hukaguliwa. Mtu anayengoja fataki ilale anaweza kuvuka kiwango hicho cha majaribio na kuendelea kupanda kwa zaidi ya baa mia sita, kila siku ya mazoezi, huku kitako cha ganda kikimwambia yote ni shwari. Na bunduki ya mitutu miwili haifungwi kama bolti nene ya Mauser ya 1898. Mitutu yake hukunjwa kwenye bawaba, na kinachoizuia kufunguka ni vipande vya chuma vilivyochongwa kwa ustadi chini yake. Ikizidiwa, kwa kawaida haipasuki mara moja; hulegea. Kwanza lever inakuwa ngumu kufungua, kisha mitutu inaanza kuachana na ukuta wa nyuma kiasi cha mwanga kupenya. Kufikia hapo fataki huenda bado ni nzuri, na unahitaji fundi.

Pingamizi la kawaida ni kwamba wazee wamekuwa wakisoma fataki kwa zaidi ya karne na mikono yao ipo. Kweli ipo, lakini tazama walisoma kwenye nini. Wengi walikuwa na bunduki imara za bolti zenye risasi ambazo kikomo chake kiko juu, karibu na pale shaba yenyewe inapoanza kushindwa. Hapo ishara ya ganda na kikomo cha bunduki havipishani sana, kwa hiyo kanuni mbovu ilionekana kufanya kazi. Ihamishie kanuni hiyohiyo kwenye .30-30 ya lever, au kwenye .470, na pengo linafunguka. Ganda linasema juu ya shaba. Halijui limewekwa ndani ya bunduki gani.

Ndiyo maana ganda gumu kutoka lina uzito kuliko fataki, ingawa nalo lina masharti yake. Risasi ikilipuka, kuta za ganda hutanuka hadi kugusa chemba, na chemba yenyewe, ingawa ni chuma cha pua au chuma cha kaboni kinene, hutanuka kidogo pamoja nazo. Gesi ikishatoka, chuma hurudi kwenye umbo lake. Shaba nayo hurudi, lakini ina kikomo cha kurudi. Ikishavutwa kupita kikomo hicho hubaki imetanuka. Kwenye shinikizo la kawaida shaba hurudi ndani zaidi ya chuma, na ganda linatoka kwa kidole. Shinikizo likizidi, chemba hutanuka sana, shaba huifuata, kisha chuma hurudi na kulibana ganda ambalo haliwezi tena kusinyaa vya kutosha. Huo ndio mkono wa bolti unaogoma kuinuka. Kwenye .470 ishara hii ina maana kubwa zaidi, kwa sababu risasi za namna hiyo zilibuniwa makusudi zitoke kwa urahisi: shinikizo dogo, ganda refu lililosinyaa kuelekea mbele, kwa kuwa bunduki ya kukunjwa haina nguvu ya bolti ya kuling'oa ganda lililokwama. Wakati wa baruti ya kordaiti, iliyoanza 1889 na ambayo ya kwanza ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58, joto la tropiki lilipandisha shinikizo kiasi kwamba viwanda vya Uingereza vilitoa risasi zenye baruti iliyopunguzwa kwa ajili ya nchi za joto. Ganda lililokwama mbele ya nyati halikuwa jambo la kinadharia. Ile .416 Rigby ya 1911 nayo ilipewa ganda kubwa na shinikizo la chini kwa sababu hiyohiyo.

Masharti yake ni haya. Chemba yenye kutu, mikwaruzo au uchafu hushika ganda hata kama shinikizo ni dogo. Shaba iliyolainishwa mno kwa moto wakati wa kuiandaa nayo husinyaa vibaya. Na ganda refu kuliko kipimo hubanwa mdomoni na mwanzo wa mtutu, lisiweze kukiachia kichwa, na hapo shinikizo hupanda kweli ingawa baruti haikuongezwa hata chembe. Kuna njia rahisi ya kutenganisha: risasi ikigoma kuingia kabla ya kupigwa, tatizo ni vipimo vyake, ikiingia laini na ganda likagoma kutoka, tafuta shinikizo au chemba. Kwenye bunduki ya bolti yenye kisukumio cha chemchemi, tazama pia maandishi ya kitakoni. Ukiona duara dogo linalong'aa, limekwaruzwa juu ya herufi, hiyo ni shaba iliyotiririka ndani ya tundu la kisukumio kisha ikakatwa bolti ilipozungushwa. Duara hilo halina maelezo mengi ya kheri. Vivyo hivyo tundu la fataki likilegea hadi fataki mpya inaingia bila kusukumwa: kitako chenyewe kimetanuka, na ganda hilo ni la kutupa.

Basi nini kifanyike? Ganda likikwama, elekeza mtutu pahali salama, subiri, usipige bolti kwa nyundo, na usipige risasi nyingine ya fungu hilo. Futa mafuta kwenye chemba, maana mafuta hulizuia ganda kung'ang'ania kuta na mzigo wote unaangukia bolti. Peleka bunduki ipimwe upenyo. Risasi usizozijua asili yake, au zilizolala kwenye dashibodi juani, usizitumie. Anayejaza kwa kibali cha sheria ya nchi yake afuate kitabu cha mtengeneza baruti, aanze asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, na aanze upya kila anapobadilisha fataki, ganda, kichwa au kopo la baruti. Na anunue kipima mwendo. Ikiwa kitabu kinasema futi 2,150 kwa mtutu kama wako na wewe unapata 2,250, zile futi 100 zimelipwa kwa shinikizo, hata kama fataki ni ya mviringo na ganda limetoka lenyewe. Punguza baruti hadi mwendo urudi kwenye kitabu, kisha ndipo uyatazame maganda.