Barua Isiyo na Jina Inapomgusa Mkubwa

Juni 2016, benki ya Barclays ya Uingereza ilifikiwa na barua mbili zisizo na jina la mwandishi. Zilimlalamikia ofisa mwandamizi aliyeajiriwa karibuni, na zikamgusa pia mtendaji mkuu, Jes Staley, kwa namna alivyohusika kumleta. Staley akawataka watu wa usalama wa benki wamsake mwandishi. Hawakumpata. Mwaka 2018 wasimamizi wa sekta ya fedha wakamtoza faini ya pauni 642,430, maana malalamiko yaliyomgusa hayakuwa yake kuyafuatilia.

Na sera ya kuwalinda watoa taarifa benki ilikuwa nayo.

Sera nyingi husema mfanyakazi atoe taarifa “kwa mamlaka husika kupitia njia stahiki”. Chukua mfano wa mtunza stoo. Ankara inasema mifuko 400 ya saruji. Yeye amehesabu 250 ikishushwa, na sahihi iliyopitisha malipo ni ya bosi wake. Mamlaka husika ni nani hapo, kama si bosi yuleyule?

Ikiandikwa upya, sera humjibu moja kwa moja: peleka taarifa kwa mkuu wa ukaguzi wa ndani, ikimhusu yeye au mkurugenzi, mpelekee mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi. Namba ya simu iwe hapohapo, si kwenye kiambatisho. Imweleze pia cha kuandika: tarehe, namba ya gari, idadi aliyohesabu. Asitakiwe kuleta ushahidi kamili, wala asijigeuze mpelelezi na kupekua kabati la bosi usiku.

Kisha asiachwe gizani. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 linataka athibitishiwe ndani ya siku 7 kwamba taarifa imepokelewa, na aelezwe hatua zilizofuata ndani ya miezi 3.

Ugumu uko kwenye ulinzi. “Jina lako litakuwa siri” ni ahadi nyepesi, kwa sababu anayejulikana hajulikani kwa jina tu. Kama waliohesabu ile mifuko ni wawili, mkaguzi akiuliza kuhusu mzigo ule mmoja tayari amemtaja. Mkaguzi makini huomba ankara zote za miezi kadhaa, za stoo zote, ili mzigo huo upotee kati ya mingine.

Kisasi nacho mara nyingi hakiji kwa barua ya kufukuzwa. Huja kama zamu za usiku mfululizo, au uhamisho wa ghafla. Sera iyataje mambo hayo kwa majina yake. Agizo lile la Ulaya linakwenda mbali zaidi: kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kwamba uhamisho ulikuwa na sababu nyingine.

Kabla bodi haijaipitisha rasimu, apewe mtunza stoo aisome, kisha aulizwe kesho asubuhi angempigia nani.