Depite anaogopa nani: wewe ao mukubwa wa chama?

Watu wa inchi mbili jirani, Kongo na Burundi, wanachagua depite kwa listi ya chama. Katika inchi zote mbili chama kinapata viti kulingana na kura zake. Lakini ndani ya listi kuna tofauti kubwa. Kwetu listi iko wazi: mwenye kupiga kura anachagua jina la mtu. Burundi listi imefungwa: anachagua chama tu, na majina yamekwisha kupangwa na wakubwa wa chama, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Tufanye hesabu ya mfano. Jimbo moja liko na viti 4, na watu 100 000 wamepiga kura. Gawanya 100 000 kwa 4: kiti kimoja kina bei ya kura 25 000. Chama A kimepata 46 000, chama B 30 000, chama C 24 000. A inapata kiti kimoja na inabakiza 21 000. B vilevile kiti kimoja, inabakiza 5 000. C haikufika bei, inabaki na 24 000 zake. Viti viwili vinavyobaki vinaenda kwa mabaki makubwa: kimoja kwa C, kimoja kwa A. Basi A iko na viti viwili. Hivi ndivyo tunavyohesabu Kongo katika majimbo yenye viti vingi, ila chama kisichofikisha kura 1 kwa 100 katika inchi nzima kinaachwa inje ya hesabu.

Sasa, nani wataikaa juu ya viti viwili vya A? Tuseme mwalimu amepata kura 19 000, mama wa soko 13 000, mufanya biashara 9 000, na rafiki wa mukubwa wa chama 5 000. Kwa listi wazi, mwalimu na mama wameingia. Kwa listi iliyofungwa, kama chama kiliandika rafiki namba 1 na mufanya biashara namba 2, ni wao wanaoingia, na hakuna kura itakayowatosha.

Ndipo moyo wa depite unapogeuka. Yule wa listi wazi anajua kwamba adui wake wa karibu ni ndugu wa chama chake, mwenye kutafuta kura zilezile. Anatafuta jina: anakuja kwenye matanga, anagawa bilauzi na vitambaa, anaahidi daraja. Watu wanamwambia: « Weye ni mutoto wetu, utatuletea nini? » Hii inamfunga kwa watu, lakini inaweza kumfunga kwa feza pia, na asiye na makuta anashindwa mapema. Na majina yanakuwa mengi: katika mwaka wa 2006 watu zaidi ya 9 000 waligombea viti 500 vya Bunge letu.

Yule wa listi iliyofungwa hana lazima ya kujulikana katika kartye. Anaangalia nani anashika kalamu. Burundi iliona jambo hilo wazi. Mwaka wa 2007 chama kilichotawala, CNDD-FDD, kiliondoa kiongozi wake, Hussein Radjabu. Madepite 22 walijitenga na chama, na chama kikakosa wingi wa kura Bungeni. Mwaka wa 2008 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba hawana haki ya kuikaa tena juu ya viti walivyopata kwa listi ya chama. Wakatoka, wengine wakaingia mahali pao. Watu waliopiga kura hawakuulizwa kitu.

Lakini tusiseme listi iliyofungwa ni mbaya tu. Kwa kuwa chama kinapanga majina, sheria inaweza kukilazimisha kuweka wanamuke karibu na juu, na Wahutu na Watutsi pamoja. Katiba ya Burundi ya 2005 ilitaka wanamuke wasiwe chini ya 30 kwa 100 Bungeni. Kwetu, mwanamuke anaweza kuandikwa katika listi na asichaguliwe. Kwa hiyo wako wachache.

Na kwetu pia depite hayuko huru kabisa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 110, inasema depite anayeacha chama chake kwa kusudi ameacha na kiti. Lakini haisemi hivyo juu ya yule mwenye kufukuzwa. Kwa hiyo depite wa Kongo iko na kamba mbili: moja ya watu waliomuchagua kwa jina, ingine ya chama. Ukitaka kujua ni gani inavuta zaidi, angalia siku ambapo chama kinataka hivi na jimbo lake linataka vile. Siku ile, uliza alipiga kura gani.