Alumini Mpakani mwa Asidi na Besi

Katika maabara ya sekondari, mwalimu anaweka glasi mbili za maji mezani. Moja imeyeyushwa chumvi ya mezani, yaani sodiamu kloridi. Nyingine imeyeyushwa alumini kloridi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Anatia magadi kidogo katika kila glasi: ya kwanza inatulia, ya pili inatoa mapovu ya kaboni dioksidi, na chembe nyeupe zinazoteleza kama ute zinaanza kutanda. Ni asidi tu inayoyafanya magadi yachemke hivyo. Lakini hakuna aliyetia asidi humo. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye maji yenyewe. Sodiamu na alumini ziko safu moja ya jedwali la elementi, ile ya tatu, inayoanzia sodiamu na kupitia magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi na salfa hadi klorini na agoni. Sodiamu ikiingia majini huwa ioni yenye chaji moja chanya, nayo huzungukwa na molekuli za maji bila kuzisumbua. Ndiyo maana pH ya maji ya chumvi hubaki 7. Ioni ya alumini ni ndogo zaidi na ina chaji tatu. Molekuli sita za maji huizunguka, nayo huvuta elektroni zao kwa nguvu mpaka kile kinachoifunga haidrojeni na oksijeni hulegea. Haidrojeni moja hung'oka ikiwa ioni ya H⁺ na kuchukuliwa na maji ya jirani:

[Al(H₂O)₆]³⁺ + H₂O ⇌ [Al(OH)(H₂O)₅]²⁺ + H₃O⁺

Kwa hiyo pH hushuka hadi karibu na 3, ukali usio mbali na wa siki. Magnesiamu, yenye chaji mbili, iko katikati: kloridi yake huishusha pH kidogo tu, kama 6.5.

Ukivuka alumini, mambo hubadilika kabisa. Silikoni kloridi na fosforasi kloridi si chumvi za ioni, ni molekuli, na maji huzivunja papo hapo. SiCl₄ ni kimiminika kinachofuka moshi hata hewani, kwa unyevu tu, kikiacha silika na kutoa haidrojeni kloridi. Alumini kloridi kavu nayo ina tabia hiyo: ukiidondoshea maji machache inafuka, ukiitia kwenye maji mengi inayeyuka kuwa ioni. Iko mpakani.

Upande wa oksidi mwelekeo ni uleule, ila mwanzo wake ni mkali zaidi. Oksijeni iliyo katika oksidi ya sodiamu hunyakua H⁺ kutoka kwenye maji, na kinachobaki ni sodiamu haidroksidi, alkali inayochubua ngozi. Oksidi ya magnesiamu huyeyuka kidogo sana, ndiyo sababu pH yake huishia 9 au 10. Mwisho wa safu, oksidi za fosforasi na salfa hutoa asidi ya fosforasi na asidi ya salfa.

Hapa katikati ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Wakishasikia kwamba oksidi ya alumini ina tabia ya asidi na ya besi, huandika kwamba inayageuza maji kuwa kimojawapo. Haifanyi hivyo. Haiyeyuki, na maji yake hubaki pH 7. Mchanga, ambao ni oksidi ya silikoni, nao hautikisiki majini, ingawa alkali kali ya moto huula. Tabia ya oksidi hizi hujulikana zikikutana na asidi au alkali, si maji matupu.

Mpishi anaijua tabia hiyo bila jina lake. Sufuria ya alumini inalindwa na utando mwembamba wa oksidi. Maji hayaudhuru, lakini ukichemshia maharage yenye magadi, alkali inauyeyusha na sufuria inakuwa nyeusi. Ukwaju ukikaa humo usiku kucha, asidi nayo inaula.

Shabu, inayotumika kusafisha maji ya mto, ina ioni ileile ya alumini, ingawa yenyewe ni salfeti na si kloridi. Ikiyeyuka huchachusha maji, huku ikijenga vile viute vyeupe vya haidroksidi vinavyonasa tope na kuzama nalo. Maji yasipokuwa na alkali ya kutosha, mitambo huongeza chokaa, ili pH ibaki karibu na 6 hadi 7.5. Chokaa ikipungua, alumini hubaki imeyeyuka na tope halishuki. Ikizidi mno, viute huyeyuka tena kwa upande wa pili, kwa kuwa haidroksidi ya alumini, kama oksidi yake, nayo hukubali alkali.