Mgeni wa kigeni akifika mapokezi: jina, namba ya pasipoti na pesa zikae mstari mmoja

Mei 2022, mkutano wa Africities ulipofanyika Kisumu, wageni walitoka kila pembe ya Afrika, na mtu aliyekuwa mapokezi alishika pasipoti za Kifaransa, za Kiarabu na za Kireno ndani ya siku moja. Mkutano uliisha, lakini wageni hawakukoma. Kila wiki kuna Mganda aliyevuka Busia, Mtanzania aliyepitia Isebania, Mkongo mfanyabiashara, mzungu anayeelekea Rusinga. Ndiyo maana tukikaa na wahudumu wa mapokezi, kutoka Milimani hadi gesti ndogo za Mbita, huwa hatuanzi na pesa. Tunaanza na kitambulisho, kwa sababu malipo mengi yanayoleta utata huwa yameharibika tangu jina lilipoandikwa.

Sheria inaitaka hoteli iweke daftari la wageni wa kigeni. Tatizo ni kwamba mhudumu huandika jina analolisikia, ama lile lililoandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Pasipoti ya Mkongo ina jina la ukoo, jina la pili wanaloliita "postnom", kisha jina la kwanza. Msomali ana jina lake, la baba na la babu, na hakuna la ukoo kama tunavyolijua sisi. Ukibahatisha, leo atakuwa chini ya A na kesho chini ya M, na mwenzako wa zamu ya usiku hatampata.

Dawa iko chini ya ukurasa wenye picha. Kila pasipoti ya kisasa ina mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja. Huu hapa ni mfano unaotumiwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Nchi yake, UTO, ni ya kubuni:

```
P<UTOERIKSSON<<ANNA<MARIA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Mstari wa kwanza: P ni pasipoti, UTO ni nchi, halafu jina la ukoo. Alama mbili << ndizo zinazolitenganisha na majina mengine. Kwa hiyo ukoo ni ERIKSSON, majina mengine ni ANNA MARIA. Huna haja ya kumwuliza mgeni lipi ni lipi.

Mstari wa pili ndio unaowakosesha wengi. Namba ya pasipoti hapa ni L898902C3, herufi tisa. Ile 6 inayofuata si sehemu ya namba. Ni tarakimu ya ukaguzi, ambayo mashine huitumia kujua kama namba imesomwa vizuri. Tumeona madaftari yenye namba za herufi kumi, zote zimebeba hiyo tarakimu. Tarehe nazo huanza na mwaka: 740812 ni 12 Agosti 1974, na 120415 ni tarehe ya kuisha, 15 Aprili 2012. Pasipoti hii imekwisha zamani! Wahudumu wakifanya zoezi hili, wengi hunakili kila kitu vizuri na bado hawaoni hilo.

Si kila mgeni atakuwa na pasipoti, na hapo usimfukuze mtu. Tangu 2014 raia wa Uganda na Rwanda wanaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha Mganda kina namba inayoitwa NIN, yenye herufi na tarakimu 14. Hiyo ndiyo ya kuandika daftarini. Mtanzania hayumo katika mpango huo, kwa hivyo mwombe pasipoti au hati yake ya kusafiria.

Ukishaandika, mrudishie mwenyewe papo hapo. Usiweke pasipoti kwa droo eti mpaka alipe. Hiyo ni mali ya serikali iliyoitoa. Na usiipige picha kwa simu yako ukaituma kwa grupu la WhatsApp la kazini. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, hoteli inawajibika kwa data ya mgeni wake. Kama lazima uweke nakala, iwe kwa kompyuta au faili ya hoteli, ifungwe. Hata daftari lenyewe likiachwa wazi kwenye kaunta, mgeni anayefuata anasoma namba za watatu waliomtangulia.

Sasa pesa. Tuchukue mgeni kutoka Kampala, amekuja na kitambulisho chake, chumba ni Sh6,500, anakaa usiku tatu. Bili ni Sh19,500. Hana laini ya Kenya. Anasema, "Ngoja nitume kutoka kwa simu yangu ya Uganda." Pesa za kuvuka mpaka mara nyingi hufikia namba ya simu, si Till, na hapo ndipo mhudumu anasema, "Sawa boss, tuma kwa yangu." Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini pesa imeingia kwa jina lake, bili ya hoteli bado iko wazi, na asubuhi mwenyewe akiuliza, hakuna anayeweza kuonyesha kitu. Kama unapata wageni wa majirani wengi, weka laini moja ya hoteli kwa kazi hiyo, iliyosajiliwa kwa jina la biashara au la mwenyewe, na ilale mapokezi.

Tuseme mgeni wetu ameamua kuomba rafiki yake wa Kondele amlipie kwa Till. Mpe namba, mwambie rafiki ahakikishe jina la hoteli linaonekana kabla hajakamilisha malipo. Pesa ikiingia, ujumbe utakuwa na jina la rafiki, si la mgeni. Hiyo si kosa, ila iandikwe: mbele ya jina la mgeni na NIN yake, andika msimbo wa M-PESA wenye herufi na tarakimu 10, kiasi, na jina la aliyelipa. Mstari mmoja tu. Wiki ijayo rafiki akipiga simu kudai alilipa mara mbili, una jibu.

Usikubali kuonyeshwa SMS kwa simu ya mgeni. Mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe unaofanana na wa kweli. Angalia simu ya Till ama taarifa ya Till. Ujumbe halisi unatoka kwa MPESA, si kwa namba ya kawaida ya simu, na salio lazima lipande. Mtandao ukichelewa, mgeni akae, apewe chai. Pesa ambayo haijaonekana kwenye Till haijalipwa.

Kuna mchezo mwingine wa kuangalia. Mtu analipa Sh29,500 badala ya Sh19,500, anasema vidole viliteleza, kisha anaomba zile elfu kumi zirudishwe kwa namba nyingine. Pengine aliyelipa ni mtu wa tatu aliyedanganywa, naye ataomba malipo yote yarudishwe. Basi ziada irudi kwa laini ileile iliyotuma, kwa idhini ya meneja, na msimbo wa marejesho uandikwe kwenye mstari uleule wa mgeni.

Kwa makundi, kumbuka M-PESA inakubali hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja. Basi la watalii lenye bili ya Sh312,000 litalipa mara mbili, na misimbo yote miwili iandikwe kabla hujatoa risiti moja.